Ukiongeza pesa juu ya mashine ya zamani, gharama ya mpya si pesa uliyoongeza

Kila hesabu za mwaka zinapofungwa, wenye karakana, vinu na maduka ya kuchapisha kuanzia Nakuru hadi Kisumu huleta maelezo yale yale: "Nilimpa muuzaji mashine ya zamani, nikaongeza milioni moja na kidogo, kwa hiyo mashine mpya imenigharimu milioni moja na kidogo." Sivyo. Ulilipa kwa vitu viwili, na kimoja kati ya hivyo ni mashine uliyoitoa mlangoni.

Chukua duka la kuchapisha na kutoa fotokopi kwenye Barabara ya Oginga Odinga, Kisumu. Halijasajiliwa kwa VAT, kwa hiyo bei zote hapa zina VAT ndani yake, nayo ni sehemu ya gharama. Mashine ya zamani ilinunuliwa mwanzoni mwa Januari 2022 kwa shilingi 800,000, na uchakavu wake ni asilimia 20 ya gharama kila mwaka, yaani 160,000. Mwisho wa Juni 2025 inatolewa tredi-in. Ankara ya mashine mpya inasoma 1,500,000, alawansi, yaani kiasi anachokata muuzaji kwa kuichukua ile ya zamani, ni 350,000, na duka linalipa 1,150,000 kupitia benki.

Dhana: "Andika 1,150,000 tu, maana ndiyo iliyotoka benki"

Hili ndilo kosa linaloharibu vitabu kuliko mengine yote, kwa sababu halikai mahali pamoja. Karani anaona malipo kwenye taarifa ya benki, anadebiti akaunti ya mashine 1,150,000, anakrediti benki, kisha anaona kazi imekwisha. Mizani ya hesabu inakubali, kwa hiyo hakuna kengele inayolia.

Kumbe mashine ya zamani bado imo kwenye leja kwa 800,000, na mwaka unaofuata inatozwa uchakavu wa 160,000 ingawa inafanya kazi kwa mtu mwingine. Mpya nayo inatozwa asilimia 20 ya 1,150,000, yaani 230,000. Duka linabeba uchakavu wa 390,000 kwa mwaka mzima, wakati mashine iliyopo ni moja. Kulitambua ni rahisi: chukua daftari la mali za kudumu, uende dukani uguse kila mashine iliyoandikwa humo. Daftari likisema mbili na sakafuni pana moja, tazama kama ile isiyoonekana ilitolewa tredi-in.

Njia sahihi inaanza na uchakavu, kabla ya kugusa mashine mpya. Hesabu za mwisho zilifungwa Desemba 2024, limbikizo la uchakavu likiwa 480,000. Ongeza nusu mwaka hadi siku ya kubadilishana, yaani 80,000, limbikizo lifike 560,000. Thamani ya vitabuni ya mashine ya zamani sasa ni 240,000. Ukiruka hatua hii utabaki na 320,000, na duka litaonyesha hasara ambayo haikutokea.

Kisha tafuta thamani ya haki ya mashine ya zamani, yaani bei ambayo ingeuzwa sokoni siku hiyo. Tuseme ni 250,000; sababu ya kutotumia 350,000 inafuata hapa chini. Gharama ya mashine mpya ni 1,150,000 pamoja na 250,000, jumla 1,400,000. Maandishi ya leja ni haya:

Debiti mashine mpya 1,400,000
Debiti limbikizo la uchakavu 560,000
Krediti mashine ya zamani 800,000
Krediti benki 1,150,000
Krediti faida ya kuuza mali 10,000

Pande zote mbili ni 1,960,000. Mashine ya zamani imeondoka na gharama yake yote pamoja na limbikizo lake lote. Ile 10,000 ni tofauti ya 250,000 na 240,000, nayo huandikwa peke yake kwenye taarifa ya mapato. Usiichanganye na mauzo ya duka, kwani IAS 16, kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa mali za kudumu, inakataza kuiita mapato ya biashara.

Dhana: "Alawansi aliyonipa muuzaji ndiyo thamani ya mashine yangu"

Mara nyingi si hivyo. Muuzaji anayetaka kufunga biashara hupandisha alawansi na kushikilia bei ya orodha, kwa sababu mteja hufurahi kusikia mashine yake kuukuu ina thamani kubwa. Katika mfano wetu, muuzaji huyo huyo anamuuzia mteja asiye na mashine ya kutoa kwa 1,400,000. Kwa hiyo 100,000 kati ya ile alawansi ya 350,000 ni punguzo la bei ya mashine mpya, na ile ya zamani ina thamani ya 250,000.

Ukiandika alawansi ilivyo, gharama mpya inakuwa 1,500,000 na faida inaruka hadi 110,000. Mwaka wa kubadilishana unaonekana mzuri kwa 100,000 isiyokuwepo. Halafu unailipa polepole: uchakavu wa mwaka mzima unakuwa 300,000 badala ya 280,000, yaani 20,000 zaidi kila mwaka kwa miaka mitano. Anayekopa kwa kutumia hesabu hizo anampa mwenye benki picha ya uongo, hata kama hakukusudia.

Nasisitiza, hata nikionekana msumbufu: omba bei ya pesa taslimu kwa maandishi kabla hujataja kwamba una mashine ya kutoa. Ukishaitaja, bei ya kweli inajificha nyuma ya alawansi. Pia uliza mashine ya aina na umri huo inauzwa bei gani Kisumu, Nakuru na Nairobi, uweke karatasi hizo pamoja na ankara. Mkaguzi ataziomba.

IAS 16 huanza na thamani ya haki. Ikiwa thamani ya haki ya mashine zote mbili haipimiki kwa uhakika, au mabadilishano hayabadilishi chochote cha maana katika mtiririko wa pesa wa biashara, gharama mpya huwa thamani ya vitabuni ya ile ya zamani pamoja na pesa uliyoongeza. Kwetu ingekuwa 240,000 na 1,150,000, yaani 1,390,000, bila faida wala hasara. Njia hii si ya kukimbilia kwa sababu hukupiga simu mbili kuuliza bei.

Dhana: "Hasara ya mashine ya zamani iongezwe kwenye bei ya mpya"

Hapana. Kama thamani ya vitabuni ingekuwa 300,000 na ya haki 250,000, ile 50,000 ni hasara ya mwaka huu. Mashine mpya haiwi ghali zaidi kwa sababu ile ya zamani ilichakaa haraka kuliko ulivyokadiria.

Dhana: "Kila nililotumia kuileta ni gharama ya mashine"

Usafiri kutoka Nairobi, kuifunga na kuijaribu, ndiyo. Kuwafundisha wafanyakazi kuitumia, hapana. Hiyo ni gharama ya kipindi.

Dhana: "VAT ni kwa pesa niliyoongeza tu"

Sheria ya VAT huhesabu malipo ya vitu pamoja na ya pesa, kwa hiyo kodi haikokotolewi kwa 1,150,000 peke yake. Ikiwa wewe pia umesajiliwa, kutoa mashine ya zamani ni mauzo kwa upande wako. Mpe muuzaji ankara yako ya eTIMS badala ya kuiacha kama mstari wa kupunguza kwenye ankara yake, na VAT unayoweza kudai usiiweke kwenye gharama ya mashine.