Ukiongeza mafundi wa kupaua, mradi unachelewa

Juzi tena nimepigiwa simu na bosi, "Injinia, hao wa kupaua naona wako fasta kweli, waongezee watu basi tumalize mapema." Nimeshaambiwa hivi kwenye kila saiti ya nyumba za mstari niliyowahi kusimamia na nimechoka kujibu kwa simu, sasa naandika, atakayepiga tena namtumia linki.

Chukua hii saiti yetu ya Bagamoyo, nyumba 20 zinazofanana kando ya njia moja ya vumbi. Timu ya msingi inatoa nyumba moja kila siku 3, boma mpaka lenta siku 5, kupaua siku 2, plasta siku 4. Kati ya msingi na boma naacha siku 7, lenta ikimwagwa naacha 5, na kabla ya plasta naacha 3. Kwenye chati ya Ganti, ile ratiba ya vifito, hii kitu inakuwa vijifito themanini vinavyofanana, hakuna anayeelewa. Kwenye laini ya balansi, mchoro mwingine wa ratiba, nyumba zinapanda juu, siku zinaenda pembeni, kila timu mstari mmoja tu. Mstari uliolala ni timu ya polepole, uliosimama ni timu ya fasta. Mistari ikikatana maana yake kuna fundi kafika kwenye nyumba na mwenzake hajamaliza.

Boma wanaanza siku ya 10 ikiisha, nyumba ya 20 wanaifunga siku ya 110. Sasa ndio tunafika kwenye ugomvi. Wapauaji nikiwaita mapema, siku ya 20, wanaezeka nyumba ya kwanza siku mbili halafu wanakaa siku tatu wakisubiri boma la pili, na hivyo hivyo mara 19, yaani siku 57 za kucheza drafti ya vizibo vya soda chini ya mwembe. Nimeshaliona hilo kwa macho yangu, na wiki ya pili hawakuwa chini ya mwembe tena, walikuwa saiti ya mtu mwingine na simu hawapokei.

Ndio maana timu ya fasta ikifuata ya polepole unahesabu kutoka nyumba ya MWISHO kurudi nyuma, ili wakishaingia wasisimame. Paa la 20 linaanza baada ya siku ya 115 linaisha 117, kazi yao yote ni siku 40, kwa hiyo wanaingia baada ya siku ya 77. Paa la kwanza linakamilika siku ya 79, plasta wao ni wa polepole kuliko wapauaji kwa hiyo hao unawahesabu kutoka nyumba ya kwanza, wanaanza baada ya 82, wanapiga siku 80, mradi unaisha siku ya 162.

Haya, tumsikilize bosi. Tunaongeza wapauaji, nyumba moja kwa siku. La mwisho bado linasubiri boma mpaka siku ya 115, hapo hujaokoa kitu, ila sasa kazi yao yote ni siku 20 tu kwa hiyo wanaingia baada ya siku ya 96. Paa la kwanza siku ya 97, plasta wanaanza baada ya 100, mradi unaisha siku ya 180. Umeongeza watu, umepoteza siku 18!

Fanya kinyume, punguza wapauaji nusu, siku 4 kwa nyumba. Wanaingia baada ya siku ya 39, plasta baada ya 46, mradi unaisha siku ya 126, na nguvu kazi ni ile ile, watu nusu mara siku mara mbili. Bosi akiona wapauaji wachache hivyo anasema namhujumu.

Na boma je, si ndio wanaochelewesha? Ndio, ila timu ya pili ya boma inawafikisha siku 2.5 kwa nyumba, wanawafukuzia watu wa msingi wenye 3, na inabidi uanze kuhesabu upya kutoka huko chini. Na timu moja na robo, ya kuwafikisha siku 4 kama plasta, hakuna.

Kuna mambo yananisumbua lakini. Mistari iliyonyooka ni ya kwenye karatasi, nyumba mbili tatu za mwanzo huwa zinakula muda zaidi mpaka watu wazoee, na masika ikiingia mstari wa msingi unalala kabisa. Na hii sheria ya timu isisimame siiamini asilimia mia, kuna wakati ni nafuu wapauaji waje awamu mbili, nyumba kumi waondoke warudi, kuliko plasta wasubiri. Lakini hapo unategemea fundi arudi kweli, na mimi bado namdai mmoja mapaa sita.