Kuandika upya hati ya makabidhiano: mfano wa mhasibu wa mishahara

Hati nyingi za makabidhiano ninazoletewa kuzikagua ni orodha ya majukumu tu. Mhasibu wa mishahara anaondoka, anaandika: "Kushughulikia makato ya wafanyakazi kila mwezi na kuyawasilisha mamlaka husika kwa wakati." Bosi anasaini, watu wanaagana kwa soda, halafu mwezi ukigeuka mrithi anashika simu. Makato gani? Mamlaka zipi? Wakati gani?

Sentensi hiyo haina uongo hata kidogo. Kasoro yake ni kwamba anayeielewa ni yule anayeijua kazi tayari.

Mimi huanza kwa kuivunja kwa tarehe, kwa sababu hapa Tanzania makato hayaendi siku moja. PAYE, yaani kodi ya mshahara, inatakiwa TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha. Makato ya mkopo wa elimu ya juu wa HESLB, ambayo ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yana siku 15. Michango ya NSSF ina mwezi mzima. Mgeni aliyeambiwa "kila mwezi" anaweza kulipa vyote tarehe 20 akajiona amewahi, kumbe viwili vimeshachelewa.

Kisha naandika kila kato peke yake. Kipande cha PAYE hutoka hivi:

"Tarehe 1, fungua faili la mishahara kwenye kompyuta ya uhasibu, folda ya mwaka huu. Linganisha jumla ya PAYE na orodha ya mishahara iliyosainiwa na mkurugenzi. Zikitofautiana, usiendelee, angalia kwanza walioanza au kuacha kazi katikati ya mwezi. Zikilingana, wasilisha ritani kwenye mfumo wa TRA, chukua namba ya kumbukumbu ya malipo, na uipeleke kwa mkurugenzi pamoja na hati ya malipo kabla ya tarehe 4, kwa kuwa watia saini wa benki ni wawili na mmoja husafiri mara kwa mara. Kazi imekwisha risiti ikiwa ndani ya jalada."

Maneno yanayosahaulika zaidi hapo ni yale ya mtia saini anayesafiri. Mwenye kazi ameyazoea kiasi kwamba hayaoni tena, lakini ndiyo yanayoifanya tarehe 4 iwe na maana. Siku utaratibu wa benki ukibadilika, mrithi atajua kama anaweza kuisogeza. Ukimwachia tarehe bila sababu yake, ataing'ang'ania bure au ataipuuza.

Mambo ambayo hayajakamilika yanahitaji uangalifu zaidi. "NSSF ya dereva mpya inafuatiliwa" ni sentensi ambayo ningeipiga marufuku kama ningekuwa na mamlaka. Nani anafuatilia, na mpira uko kwa nani sasa? Iandikwe hivi: "Dereva alianza kazi Februari, bado hana namba ya uanachama. Fomu yake niliipeleka NSSF tarehe 10 Machi. Nakala yenye muhuri imo katika jalada lake. Jibu halijaja. Nenda na nakala hiyo tarehe 24 Machi. Mchango wa Februari haujalipwa na mwisho wake ni tarehe 31 Machi. Mshahara wake ni Sh 600,000, kwa hiyo mchango wa asilimia 20 ni Sh 120,000. Nusu yake, Sh 60,000, ameshakatwa na zimo kwenye akaunti. Zisitumike kwa matumizi mengine."

Nywila haziandikwi ndani ya hati, kwa sababu hati huchapwa na kusambazwa. Andika anayezitoa. Ila kuna mtego mkubwa kuliko nywila: namba ya simu inayopokea msimbo wa kuthibitisha. Mara nyingi ni laini binafsi ya anayeondoka. Mrithi ana kila kitu mkononi, anabonyeza kuingia, na msimbo unalia mfukoni mwa mtu aliyekwisha kuhamia Mwanza. Badilisheni namba hiyo huku wote wawili mpo ofisini.

Kabla ya kusaini, mpe hati mtu wa idara nyingine unayemwamini na siri za mishahara, mwache akae kwenye kompyuta arudie hesabu za mwezi uliopita bila kuwasilisha chochote. Anayeondoka akae pembeni, mdomo amefumba. Kila mfanyaji akiinua kichwa kuuliza, weka alama kwenye mstari aliofikia, na jibu liandikwe palepale. Fanyeni hivyo wiki moja au mbili kabla ya siku ya mwisho.

Kubadilisha watia saini wa benki, hata hivyo, hakuwezekani kwa hati hii, iandikwe vizuri namna gani. Benki itataka barua na uamuzi wa uongozi, hivyo anzeni siku ileile barua ya kuacha kazi inapopokelewa. Kwenye hati andikeni barua ilipelekwa lini, imefika kwa nani, na hadi benki ikubali, nani anasaini.