Kuonjesha Kinywaji Kipya Dukani: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana potofu: meza ya kuonjesha ikae mlangoni, kwa kuwa ndipo watu wengi wanapopita.

Ni kweli kwamba wengi hupita hapo, lakini anayeingia hajaanza kununua, na kinywaji kikiwa kwenye rafu ya mbali ataonja, atashukuru, kisha atasahau. Meza ifae zaidi kuwa kando ya rafu yenyewe. Njia ikiwa nyembamba mno, chupa zipangwe mezani ili mwonjaji anyooshe mkono tu na kutia moja kikapuni.

Dhana potofu: mhudumu mmoja mchangamfu anatosha.

Duka likijaa, mtu mmoja hawezi kumimina, kueleza, kujaza rafu na kuandika hesabu kwa pamoja, na kinachoachwa kwanza daima ni hesabu. Wawepo wawili, na mmoja wao akabidhiwe daftari la vikombe vilivyotolewa kila saa, chupa zilizofunguliwa kwa ajili ya kuonjesha, na muda wowote ambao rafu ilibaki tupu.

Dhana potofu: chupa zote zilizouzwa siku hiyo ni matunda ya kuonjesha.

Hapa ndipo wengi hujidanganya. Tuseme kinywaji kilikuwa kinauza wastani wa chupa 12 za lita moja kila Jumamosi kwa wiki nne, na siku ya kuonjesha kaunta ikarekodi chupa 62. Kwanza ziondolewe chupa 8 ambazo wahudumu wenyewe walizichukua rafuni, wakazilipia na kuzifungua, zimebaki 54. Kisha litazamwe duka jingine linalofanana na hilo, ambako hakukuwa na kuonjesha. Ikiwa huko mauzo yalipanda siku hiyohiyo kutoka chupa 10 hadi 15, pengine kwa sababu ni mwisho wa mwezi, basi zile 12 nazo zingefika 18 hata bila meza. Nyongeza halisi ni chupa 36, wala si 50. Kwa kuwa chupa 8 zilitoa vikombe 200 vya mililita 40, kila chupa ya nyongeza iligharimu kati ya vikombe 5 na 6.

Hesabu hiyo huvurugika bei ikipunguzwa siku hiyohiyo, maana haiwezekani tena kutenganisha mvuto wa ladha na mvuto wa punguzo. Vilevile, rafu iliyokauka mchana huonyesha mauzo madogo kuliko hamu ya wateja, na ndiyo maana daftari huandika muda wake.

Maduka yote mawili yafuatiliwe kwa wiki nne zaidi. Mauzo yakishuka chini ya 12 huku duka la kulinganishia likibaki palepale, huenda wateja walinunua mapema kile ambacho wangenunua baadaye. Yakitulia kwenye 16 au 17, wapo waliorudi kununua bila kuonjeshwa tena.