Ufa wa ngazi kwenye kona ya dirisha

"Fundi anasema kila nyumba mpya hupasuka inapokaa. Huu ufa wa pichani nizibe tu?"

Usizibe kwanza. Ni kweli plasta husinyaa ikikauka, lakini nyufa zake ni nyembamba kama unywele, zimetapakaa kama ramani, na haziingii kwenye tofali. Huu wako unapanda kama ngazi ukifuata viungo vya matofali, na rula uliyoweka inaonyesha milimita 1 chini na 5 juu. Ufa unaopanuka kwenda juu namna hii kwa kawaida humaanisha ncha ya ukuta inashuka kuliko katikati. Tazama kona ya nyumba iliyo upande huo kwa nje: je, maji ya paa yanamwagika hapo na kulowesha udongo wa msingi?

Picha moja haiwezi kuonyesha kama ukuta bado unatembea. Weka alama ya penseli kila upande wa ufa, pima umbali kati yake, andika tarehe, kisha rudia kila mwezi, masika na kiangazi. Ukifunguka na kujifunga kwa misimu, shuku udongo wa mfinyanzi unaovimba na kunywea. Ukizidi kupanuka tu, au dirisha likianza kukwama, mwite mhandisi wa majengo.