Uwiano vitani si kuhesabu maiti

Kila vita vinapozuka, utasikia watu wakibishana: upande huu wamekufa elfu kadhaa, ule mia kadhaa, basi hakuna uwiano. Huzuni inayosemwa hapo ni ya kweli, lakini sheria haipimi hivyo. Katika Sheria ya Kimataifa ya Kibinadamu, yaani sheria ya vita, neno uwiano linahusu shambulio moja na yale ambayo aliyeliamuru alitarajia kabla ya kufyatua. Maana hiyo huonekana vizuri katika tukio lililotokea Sarajevo, Bosnia, tarehe 1 Juni 1993.

Mji ulikuwa umezingirwa tangu Aprili 1992, na vikosi vya Waserbia wa Bosnia vilikuwa vikiupiga kutoka pande zake. Katika mtaa wa Dobrinja, wakazi waliandaa mashindano ya soka. Wakachagua uwanja wa kuegesha magari uliozungukwa na maghorofa pande tatu, ili adui asiwaone. Walikusanyika watu wapatao 200, wakiwemo watoto wengi. Mechi ikiendelea, mabomu mawili ya mota yakaanguka pale. Zaidi ya watu 10 walikufa na wapatao 100 wakajeruhiwa.

Jambo linalofanya kesi hii iwe ngumu ni kwamba katika umati ule walikuwemo wanajeshi wengi wa upande wa mji, waliokuwa mapumzikoni. Je, hilo liliwahalalisha washambuliaji?

Hapa tunaanza na kanuni ya utofautishaji. Anayepigana lazima awatenge raia na wapiganaji, na alenge wapiganaji na vitu vya kijeshi tu. Mwanajeshi hageuki raia kwa sababu tu amevaa kaptula na kucheza mpira. Bado anaweza kulengwa, isipokuwa amejisalimisha, ametekwa, au ameumia kiasi cha kushindwa kupigana. Lakini Itifaki ya Kwanza ya Nyongeza ya 1977, inayokamilisha Mikataba ya Geneva, inasema pia kwamba kuwepo kwa wapiganaji kati ya raia hakuwaondolei raia ulinzi wao. Kwa hiyo umati ule haukugeuka kambi ya jeshi.

Palipo na mchanganyiko kama huo ndipo uwiano unapoingia. Ibara ya 51 ya Itifaki inakataza shambulio ambalo linatarajiwa kuua au kujeruhi raia, au kuharibu mali zao, kwa kiwango kilichopita kiasi kikilinganishwa na faida ya kijeshi iliyo dhahiri na ya moja kwa moja. Tuangalie neno “linatarajiwa”. Kamanda hahukumiwi kwa kile kilichojulikana kesho yake. Mahakama ya kimataifa iliyoundwa The Hague kuhukumu uhalifu wa vita uliotendwa katika iliyokuwa Yugoslavia, ambayo Bosnia ilikuwa sehemu yake, iliuliza hivi: mtu mwenye busara, akiwa mahali pa mshambuliaji na akitumia vizuri taarifa alizokuwa nazo, angetarajia raia wengi kupita kiasi wadhurike? Kwa kipimo hicho, raia wanaweza kufa na shambulio lisiwe kosa kisheria. Ni jambo chungu kulisema, ila kulificha ni kudanganya. Kinyume chake, bomu ambalo kwa bahati halikuua mtu linaweza kuwa lilifyatuliwa kinyume cha sheria.

Mahakama ilipofika Dobrinja, ilizitazama njia mbili. Ikiwa wafyatuaji hawakujua kuna mkusanyiko, basi walirusha mabomu katika makazi ya watu bila kulenga kitu maalumu cha kijeshi, na hilo ni shambulio lisilobagua raia na wapiganaji, ambalo nalo limekatazwa. Ikiwa walijua na wakawataka wale wanajeshi, bado kupiga umati wa watu 200 wenye watoto wengi kungepita kiasi waziwazi, ijapokuwa wanajeshi walikuwa wengi. Hakukuwa na mlango wa kutokea.

Ukisoma habari za shambulio lolote, uliza pia kuhusu tahadhari za ibara ya 57: lengo lilihakikishwa? Ilichaguliwa silaha na saa ya kupunguza madhara? Raia walionywa, pale ilipowezekana? Na hata adui akijificha nyuma ya raia, wajibu huu haufutiki.

Udhaifu wa kanuni ni kwamba haina tarakimu. Hakuna mahali palipoandikwa raia wangapi kwa ghala moja la risasi, na kamanda ndiye mwenye taarifa ambazo mwendesha mashtaka huzihitaji. Kwa hiyo kesi nyingi huanguka kwenye ushahidi. Ile ya Sarajevo haikuanguka: Jenerali Stanislav Galić, aliyeongoza kikosi kilichouzingira mji, alihukumiwa mwaka 2003, kwa wingi wa kura za majaji, kifungo cha miaka 20. Yeye na upande wa mashtaka wote walikata rufaa, na mwaka 2006 adhabu ikapandishwa kuwa kifungo cha maisha.