Siku 61 stoo: je, ni uoga wa kununua?

"Malighafi yetu inazunguka mara 6 kwa mwaka, yaani siku 61 stoo. Si tunanunua kwa woga?"

Wastani huo hausemi. Chukua kiwanda cha sabuni cha Changamwe kinachotumia malighafi ya shilingi milioni 12 kwa mwaka, stoo ikiwa na milioni 2. Itenganishe.

Mafuta ya mawese: matumizi milioni 9.6, stoo milioni 1, siku 38. Yanashuka Kilindini kila baada ya siku 60, kwa hiyo nusu yake, siku 30, ni akiba ya kawaida kati ya meli mbili. Kinga ni siku 8 tu. Meli ikichelewa wiki mbili, mitambo inasimama. Hapo hakuna woga, ningeongeza.

Kostiki soda: matumizi milioni 2.4, stoo milioni 1, siku 152! Hununuliwa kila wiki mbili, hivyo siku 7 zingetosha, na msambazaji wa hapa mjini huleta kwa siku 4. Siku 145 zilizobaki ndizo woga wenyewe. Papasa magunia ya chini: kwa unyevu wa Mombasa, yaliyopenyeza hewa yameshaganda kama jiwe.