Kwa nini jedwali la PDF likinakiliwa linageuka safuwima moja, na namna ya kulitoa salama

Tangu tuanze kuweka taarifa za bei za mazao kwenye tovuti, kitengo chetu cha takwimu kinapokea lalamiko moja kila wiki: jedwali likinakiliwa kutoka kwenye PDF na kubandikwa kwenye Excel, kila kitu kinashuka kwenye safuwima A. Wapo wanaodhani tumelifunga makusudi. Hatujalifunga. Faili lililofungwa lisinakiliwe kwa kawaida lisingekubali kunakiliwa hata neno moja.

Ukweli ni kwamba ndani ya faili hilo kwa kawaida hamna jedwali. PDF huhifadhi maagizo ya kuchora ukurasa: andika neno hili mahali hapa, kisha lile mahali pale. Sehemu ya safu ya Dodoma kwenye jedwali la bei huwa namna hii:

```
1 0 0 1 72 640 Tm (Dodoma) Tj
1 0 0 1 180 640 Tm (890) Tj
```

Namba 72 na 180 ni umbali kutoka kushoto, na 640 ni kimo kutoka chini. Mistari ya jedwali huchorwa kwa maagizo mengine, yasiyojua lolote kuhusu maneno. Jicho lako ndilo linaloviunganisha. Unaponakili, programu ya kusomea hukusanya vipande hivyo na mara nyingi huweka kila kimoja kwenye mstari wake. Excel ikikuta mstari mpya, inashuka seli moja. Zipo PDF zenye lebo za jedwali ndani yake, lakini programu nyingi za kusomea hazizitumii wakati wa kunakili.

Kosa linaloniumiza ni lile linalofuata. Mtu anaona safuwima ndefu, anahesabu kwamba jedwali lilikuwa na safuwima nne, basi anaikata kila baada ya mistari minne. Chukua jedwali dogo, tarakimu za mfano tu, bei kwa kilo:

```
Mkoa     Mahindi   Mchele   Maharage
Dodoma   890       2,400    2,900
Iringa   760       2,300    2,650
Mbeya    740                2,500
```

Bei ya mchele Mbeya haikukusanywa, kwa hiyo seli iko wazi. Seli iliyo wazi haina agizo lolote kwenye faili, wala haiachi alama unaponakili. Ukikata kila mistari minne, 2,500 ya maharage inakaa chini ya mchele. Ni bei inayoaminika kabisa, hakuna atakayeshtuka. Kinga ni kuhesabu: safu nne kwa safuwima nne ni vipande 16. Ukipata 15, acha kukata.

Njia tunayoipendekeza kwanza, kwa wenye Excel ya Microsoft 365 kwenye Windows, ni Data, Get Data, From File, From PDF. Programu itapima nafasi za maneno na kukuonyesha majedwali iliyoyatambua. Chagua jedwali lako, bonyeza Transform Data, na seli zilizo wazi zitaonekana kama null. Hapo ondoa hatua iitwayo Changed Type kama jedwali lina namba za utambulisho, maana hatua hiyo hugeuza 007 kuwa 7.

Asiye nayo atumie Tabula, ambayo ni ya bure na husoma faili kwenye kompyuta yako mwenyewe. Unazungushia jedwali kwa kipanya, kisha unachagua Lattice likiwa na mistari iliyochorwa, au Stream likiwa halina. Wanaozoea amri wana hii, kwa ukurasa wa 7:

```
pdftotext -layout -f 7 -l 7 bei.pdf bei.txt
```

Matokeo yanabakiza nafasi kati ya safuwima. Mkiyaingiza Excel, chagueni Fixed width. Mkiyagawa kwa kigezo cha nafasi tupu, seli ya Mbeya inapotea tena na mmerudi mlikotoka.

Tafadhali msichapishe faili na kuliskani upya. Herufi zilizokuwa kamili zinageuka picha, kisha mashine inaanza kukisia kama ni 8 au 3. Skani ni dawa ya karatasi tu.

Anayehitaji jedwali lenyewe la Excel aandike barua pepe kwa kitengo, ataje jina la taarifa, toleo, namba ya jedwali na ukurasa. Ombi lisilo na namba ya jedwali hurudishwa bila kufanyiwa kazi, na likirudi upya hupangwa mwisho wa foleni. Anayechapisha tarakimu zetu alizozinakili mwenyewe anawajibika kuzilinganisha na PDF. Kwa kuanzia, alinganishe kila safu yenye seli iliyo wazi na safu ya mwisho ya kila ukurasa.